Fomu ya kuandikisha kizazi kwa waliochelewa: tunaandika upya maelekezo, karibuni mkosoe

Steshenari_Nyakato:

Wakuu, habari za leo.

Mimi nina steshenari hapa Nyakato, Mwanza. Fotokopi na kuchapa ndiyo biashara, ila muda mwingi unaishia kuwasaidia watu fomu. Wanaosumbuka kuliko wote ni wale wanaotafuta cheti cha kuzaliwa wakiwa watu wazima, au wanaomtafutia mtoto aliyekwishaingia sekondari. Wengi walizaliwa nyumbani, visiwani au huko Kwimba ndani, na hii ndiyo fomu yao ya kwanza ya serikali maishani.

Nataka kuandaa karatasi ya ukurasa mmoja, niibandike ukutani na kuwapa watu nakala, ieleze kwa Kiswahili cha kawaida kile ambacho maelekezo ya fomu yanataka. Kinachonisumbua ni aya moja. Ofisi siitaji, na maneno haya si nukuu. Nimeitunga kwa mtindo ule ule:

> Mwombaji ambaye kizazi chake hakikuandikishwa ndani ya muda uliowekwa kisheria atapaswa kuwasilisha fomu hii ikiwa imejazwa kikamilifu na kuthibitishwa, pamoja na tangazo la kizazi au, endapo tangazo halikutolewa au limepotea, vielelezo visivyopungua viwili vinavyothibitisha tarehe na mahali pa kuzaliwa, ambapo kimojawapo kiwe kimetolewa na taasisi, isipokuwa kwamba pale ambapo majina yanatofautiana hati ya kiapo itaambatishwa.

Sentensi moja hiyo, wakuu. Kizazi hapo ni kuzaliwa kwa mtu, na tangazo la kizazi ni ile karatasi ambayo kwa kawaida hutolewa hospitali au zahanati mtoto anapozaliwa. Mtu anaisoma mpaka mwisho, ananirudishia, ananiuliza, "Kwa hiyo nilete nini?"

Ninyi mngeiandikaje?

---

Sangara_Mkavu:

Mbona rahisi mkuu. Tatizo la serikali yetu ni sentensi ndefu. Kata vipande, kila sentensi isizidi maneno kumi, kazi imeisha. Hii hapa:

> Leta fomu uliyojaza. Leta tangazo la kizazi. Kama huna, leta karatasi mbili. Zionyeshe ulizaliwa lini na wapi. Moja itoke kwenye taasisi. Kama majina hayafanani, leta kiapo.

Dakika mbili tu hizo. Soda yangu utanilipa Kirumba.

---

Mama_Wawili_Igoma:

Samahanini jamani, naomba kuuliza. Cheti changu cha darasa la saba kinasema Neema Joseph, kitambulisho cha NIDA kinasema Neema Yusufu. Nifanyeje? Tangazo ninalo, mama alilitunza. Asanteni.

---

Karani_Mstaafu:

Mleta uzi, shikamoo za wateja wako zote nakupokelea. Nimekaa kwenye masijala za serikali miaka mingi, na baadhi ya maelekezo hayo niliyaandika kwa mkono wangu kabla ya kompyuta kufika, kwa hiyo naijua lugha hiyo kutoka ndani.

Sangara, rasimu yako inasomeka vizuri, lakini imepoteza vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu.

Kwanza, "visivyopungua viwili" umeifanya "mbili". Mwenye karatasi tatu dhaifu atachagua mbili na ile ya tatu aiache kabatini, kumbe ndiyo ingemwokoa. Andika "mbili au zaidi". Maneno mawili tu yameongezeka.

Pili, "imejazwa na kuthibitishwa" umeiacha kabisa. Kuthibitishwa na nani? Aya haisemi, na hapo ndipo lugha ya ofisi inapoficha kazi. Kitenzi kikiisha kwa "-shwa" bila mtendaji, mwombaji anadhani jambo hilo litafanywa na ofisi. Anafika dirishani, anaambiwa, "Muhuri wa mtendaji wa mtaa uko wapi?" Ukiandika upya, kila penye "itathibitishwa", "itaambatishwa", "itawasilishwa", uliza: nani anafanya, wapi, kabla ya nini? Halafu andika jibu, kwa mfano: "Peleka fomu kwa mtendaji wa mtaa au kijiji chako aisaini na kuigonga muhuri, kabla hujaja ofisini."

Tatu ndilo kubwa, na Mama Wawili ametuonyesha bila kukusudia. Soma swali lake. Ana tangazo. Majina yake yanatofautiana. Je, rasimu ya Sangara inamwambia nini?

---

Sangara_Mkavu:

Inamwambia alete kiapo. Sentensi ya mwisho hiyo hapo.

---

Mama_Wawili_Igoma:

Mimi nilivyosoma, mwenye tangazo anaishia pale "Leta tangazo la kizazi". Baada ya hapo imeandikwa "Kama huna". Mimi ninalo, kwa hiyo nikajua yanayofuata si yangu.

---

Karani_Mstaafu:

Umeona? Sentensi fupi si kosa, ila ukikata sharti kutoka kwenye mnyororo wake, msomaji hajui linamhusu nani. Kwenye ile aya ya mwanzo angalau mtu alikuwa na "endapo" na "isipokuwa" za kumwonyesha viungo, hata kama zimejipinda. Wewe umeondoa viungo vyote, vipande vikabaki vimelala sambamba kama dagaa kwenye kichanja.

Sasa njoo kwenye uchungu wenyewe. Rudini kwenye aya ya mleta uzi. "Isipokuwa kwamba pale ambapo majina yanatofautiana": je, inawahusu wote, au wale wasio na tangazo peke yao? Ukiisoma mara ya kwanza unaona moja, ukiirudia unaona nyingine. Hapo hakuna lugha nyepesi itakayokusaidia. Aya yenyewe haijaamua. Ukiamua wewe kwa kuandika vizuri, utakuwa umetunga kanuni.

---

Steshenari_Nyakato:

Mzee, hapo umenigusa. Nilikuwa naiona ni kazi ya kuchagua maneno tu. Kwa hiyo nifanyeje, nikaulize?

---

Karani_Mstaafu:

Ukaulize, ila si "naomba mnieleze hii aya". Watakusomea aya. Andika maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, kila moja na mtu wake ndani. Mimi naona manne:

Mtu ana tangazo, lakini jina la baba limeandikwa tofauti na kwenye fomu. Anahitaji kiapo?

Mtu hana tangazo, ana karatasi mbili. Moja inaonyesha tarehe tu, nyingine inaonyesha mahali tu. Zinatosha, au kila moja lazima ionyeshe vyote viwili?

Kiapo kinahesabiwa kuwa moja ya zile karatasi mbili, au ni cha ziada?

"Taasisi" ni nani? Kanisa na msikiti zimo? Barua ya mtendaji wa kijiji je?

Hilo la pili watu hawalioni. "Vinavyothibitisha tarehe na mahali" inaweza kuwa kila kimoja, inaweza kuwa vyote kwa pamoja. Kwa mtu aliyezaliwa nyumbani Kome au Ukara, tofauti hiyo ndiyo safari nzima.

---

Wakili_Msomi_Ilemela:

Naongeza moja la kisheria halafu nawaachia. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. "Muda uliowekwa kisheria" kwenye aya ni hizo. Karatasi yako iandike "siku 90 tangu mtoto azaliwe", kwa sababu mtu hawezi kujua kama amechelewa ikiwa hukumwambia amechelewa kutoka lini. Na iseme waziwazi juu kabisa kwamba tangazo si cheti. Nimekutana na watu wazima wenye tangazo lililowekwa fremu ukutani, wanaamini walishaandikishwa.

Pia hapo juu taja ambaye haimhusu. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana utaratibu wake mkoani kwetu, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Mama mwenye kichanga asisome ukurasa mzima ndipo agundue haumhusu.

Mama Wawili, suala lako la Joseph na Yusufu, kwa kawaida ni kiapo cha majina, unakula mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Nenda na karatasi zote mbili asili. Ila uliza kwanza ofisi itakayopokea fomu, usije ukalipia hati ambayo hawakuitaka kwa maneno hayo.

---

Mama_Wawili_Igoma:

Ubarikiwe wakili. Mimi nilijua Joseph na Yusufu ni mtu mmoja 😅

---

Steshenari_Nyakato:

Nimerudi. Maswali niliyapeleka yameandikwa, na karani wa dirishani alikuwa mtu mwema, akakaa nayo kabisa. Majibu yake: kiapo kinamhusu kila mtu ambaye majina yake yanatofautiana, hata mwenye tangazo. Karatasi mbili zinaweza kukamilishana, moja tarehe, moja mahali. Kiapo ni cha ziada, hakihesabiwi. Taasisi ni shule, kituo cha afya, kanisa, msikiti, au ofisi ya serikali. Kuhusu barua ya mtendaji akasema, "Inapokelewa, lakini isiwe peke yake." Haya ni majibu ya ofisi moja, msiyachukue kuwa ya nchi nzima.

Rasimu yangu basi:

> KARATASI HII NI YA NANI
> Ni yako kama wewe, au mtoto wako wa miaka mitano au zaidi, hamkuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano: nenda kituo cha afya au ofisi ya kata.
>
> FANYA HAYA KABLA HUJATOKA NYUMBANI
>
> 1. Je, una tangazo la kizazi? Ni karatasi ambayo kwa kawaida hutolewa hospitali au zahanati mtoto anapozaliwa. Tangazo si cheti cha kuzaliwa.
> Ninalo: liweke pamoja na fomu. Ruka namba 2, nenda namba 3.
> Sina, au limepotea: fanya namba 2.
>
> 2. Tafuta karatasi mbili au zaidi. Ukizijumlisha zionyeshe mambo mawili: tarehe uliyozaliwa na mahali ulipozaliwa. Moja kati ya hizo lazima iwe imetolewa na shule, kituo cha afya, kanisa, msikiti au ofisi ya serikali.
>
> 3. Kila mtu afanye hili, hata mwenye tangazo. Linganisha majina kwenye karatasi zako zote na uliyoandika kwenye fomu. Yakitofautiana, kale kiapo kwa hakimu au kamishna wa viapo. Kwenye fomu kinaitwa "hati ya kiapo". Ni karatasi ya ziada, haihesabiwi kwenye zile mbili.
>
> 4. Peleka fomu kwa mtendaji wa mtaa au kijiji chako, aisaini na kugonga muhuri.

Nimeweka kiapo na muhuri kabla ya safari kwa makusudi. Mtu wa Nansio akivuka bila hivyo vitu, nauli ya kivuko anailipa mara mbili.

---

Mzoefu_wa_Madirisha:

Nzuri, lakini mtaumia. Ukimpa mtu karatasi yenye maneno tofauti na ya fomu, akifika dirishani anasema "nimeleta karatasi mbili", afisa anamuuliza "vielelezo viko wapi?", anajibu hana. Nimeshuhudia. Hawa watu hawabishani na mtu mwenye kalamu.

---

Karani_Mstaafu:

Kweli kabisa, na dawa yake si kurudi kwenye lugha ngumu. Neno la fomu liweke mara moja, karibu na neno jepesi, kama alivyofanya kwenye "hati ya kiapo". Afanye hivyo kwa "vielelezo" na "kizazi" pia, kwa sababu atayaona kwenye visanduku na atayasikia dirishani. Yale ambayo hatayakuta tena, kama "endapo" na "isipokuwa kwamba", yatupwe bila huruma. Fomu yenyewe usiiguse hata nukta. Karatasi yako ikae pembeni yake.

---

Mwl_Buzuruga:

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima, naomba nitie neno. Mmeijaribu kwa mtu?

Najua mtasema "nilimpa jirani akasema ameelewa". Kila mtu husema ameelewa, ni heshima. Usiulize hivyo. Mpe karatasi, mwache asome mwenyewe kimya au kwa sauti anavyotaka, kisha mpe mtu wa kubuni: "Huyu amezaliwa nyumbani kisiwani Kome. Tangazo hana. Ana cheti cha ubatizo chenye tarehe, na barua ya mtendaji inayotaja kijiji. Ubatizo umeandikwa Petro Masanja, barua imeandikwa Masanja Petro. Kesho anakuja mjini. Abebe nini?" Usimsaidie. Andika anachosema na kidole chake kinapokwama.

Nikubalie nikujaribie kwa kina mama wa dagaa na vijana wa mitumbwi mwaloni Kirumba. Wanafunzi wangu kadhaa wako pale.

---

Steshenari_Nyakato:

Mwalimu, chukua. Nakutumia nakala.

---

Mwl_Buzuruga:

Nimerudi na mavuno. Mengine yatakuuma.

Namba 1 imekwamisha karibu kila mtu. Si maneno, ni ile "ruka namba 2, nenda namba 3". Wenye mazoea ya fomu waliruka. Wengine walisoma moja kwa moja kutoka juu hadi chini kama mtu anavyosoma barua, na mwenye tangazo akaanza kutafuta karatasi mbili pia. Mmoja akaniambia, "Nimeambiwa nina tatu za kuleta." Kwa ofisi hajaharibu kitu, lakini amejibebesha kazi isiyo yake, na asipozipata haendi kabisa. Huyo hamtamwona dirishani, kwa hiyo hakuna atakayejua karatasi ndiyo ilimzuia.

Namba 2, "ukizijumlisha" ilieleweka kama hesabu ya pesa. Nikabadilisha papo hapo: "Moja inaweza kuonyesha tarehe, nyingine mahali." Hakuna aliyekwama tena. Mfano ulifanya kazi ambayo kanuni haikuweza.

Namba 3, kila mtu aliifanya, mwenye tangazo na asiye nalo. Hongera. Lakini Petro Masanja na Masanja Petro wakagawanyika. Wengine walisema majina ni yale yale, yamepinduliwa tu. Wengine wakasema hapana, fomu ina kisanduku cha jina la kwanza. Mimi mwenyewe sina jibu.

Na kuna la nne ambalo hamkulitarajia. Mama mmoja anamtafutia binti yake wa kidato cha kwanza. Penye "mahali ulipozaliwa" akataja kwao Magu, alikozaliwa yeye. Binti amezaliwa hospitali ya Sekou Toure.

---

Wakili_Msomi_Ilemela:

Hilo la mama ni zito. Ni hasara ya kutumia "wewe". Fomu ikisema "mwombaji" kuna ukungu ule ule, maana anayesaini ni mama na anayeandikishwa ni binti. Mimi ningeondoa "wewe" kwenye mambo ya kuzaliwa, niseme "mtu anayetafutiwa cheti". Ndefu, lakini haikosewi.

---

Sangara_Mkavu:

Sasa wakili umeturudisha serikalini 😂 "Mtu anayetafutiwa cheti" mara sita kwenye ukurasa mmoja, hakuna atakayesoma. Wacheni "wewe" ibaki, juu muandike: "Kama unamtafutia mtoto, kila penye 'ulizaliwa' soma 'mtoto alizaliwa'."

---

Mwl_Buzuruga:

Sangara, onyo la juu husahaulika mtu akifika katikati. Nimeliona darasani kila muhula. Ila wakili naye, sentensi zake zitachosha. Ningejaribu zote mbili tuone.

Kuhusu kuruka namba, pendekezo langu ni karatasi mbili tofauti. Moja imeandikwa juu kwa herufi kubwa NINA TANGAZO, nyingine SINA TANGAZO. Kila mtu anasoma yake yote bila kuruka kitu. Kiapo na muhuri vinarudiwa kwenye zote mbili.

---

Steshenari_Nyakato:

Karatasi mbili nimeipenda. Gharama ya karatasi si tatizo, nitachapa nusu ukurasa kila moja. Wasiwasi wangu ni mtu mwenye *cheti cha ubatizo* kudhani ndilo tangazo, akachukua karatasi isiyo yake.

---

Karani_Mstaafu:

Basi mwanzoni mwa ile ya NINA TANGAZO weka mstari mmoja: "Tangazo kwa kawaida hutolewa hospitali au zahanati. Kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo si tangazo. Kama una hizo tu, chukua karatasi ya SINA TANGAZO." Na ukutani kwako bandika nakala ya tangazo, majina yamefunikwa. Mtu atalinganisha kwa macho, hata asome nusu.

Kuhusu Petro Masanja, usiandike "hata herufi moja" wala usiandike "kupinduka si tofauti". Huna mamlaka ya lolote kati ya hayo. Kuna afisa atakayepokea na kuna atakayekataa. Andika: "Kama majina ni yale yale lakini mpangilio umebadilika, uliza ofisi kabla ya kwenda kwenye kiapo." Halafu lipeleke hilo dirishani kama swali la tano.

---

Mzoefu_wa_Madirisha:

Na weka tarehe chini ya karatasi, "majibu haya yaliulizwa ofisini mwezi fulani". Wakibadilisha utaratibu, karatasi yako itaendelea kuzunguka mwaloni miaka mitatu bila mwenyewe.

---

Mama_Wawili_Igoma:

Mimi nimeshakula kiapo. Kabla ya hapo niliuliza ofisini kama wakili alivyosema, wakasema ndiyo kinahitajika hata kama nina tangazo. Mleta uzi, ukimaliza ile ya NINA TANGAZO nitaipitia kwako Nyakato, dada yangu naye anatafuta cheti cha mtoto.

---

Steshenari_Nyakato:

Karibu mama. Na huyo dada yako nitamwomba ajaribu njia zote mbili, ya wakili na ya Sangara, tuone mahali pa kuzaliwa atajaza pa nani. Swali la tano nalipeleka Jumatatu.